Mstari mmoja wa ovataimu: tulivyoukagua mshahara wa Aprili

Kwenye karatasi ya mshahara ya kiwanda chetu, ovataimu ilikuwa inakaa mstari mmoja tu, katikati ya posho ya usafiri na makato ya NSSF. Fundi mmoja wa laini ya kufungasha aliniletea yake ya Aprili 2024. Mstari ule ulisema "OT 30.60", na pembeni yake shilingi 94,668.75. "Mwakilishi," akaniambia, "mimi naona pesa haijatimia, ila ukiniuliza haijatimia wapi sina la kukujibu."

Wakati huo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika idara yetu, kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam. Ofisini nilikuwa naingia kwa shughuli za stoo, kwa hiyo kulinganisha vitabu viwili vinavyopaswa kusema kitu kimoja haikuwa kazi ngeni kwangu. Malalamiko ya ovataimu nilishayasikia mengi, na karibu yote yalikuwa ya namna moja: mtu anajua alichoka, anajua alibaki, lakini mkononi hana kitu cha kumwonyesha mtu wa mishahara zaidi ya kusema "nimepunjwa". Ofisi nayo inajibu "mashine ndiyo imehesabu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Kabla ya kwenda kokote nilimwomba karatasi nne: mkataba wake wa ajira, nakala ya fomu za ovataimu ambazo msimamizi wa zamu huzisaini, chapisho la mashine ya kuingilia getini, na hiyo karatasi ya mshahara. Fomu za ovataimu alikuwa na picha zake kwenye simu, maana fundi huyu ana tabia ya kuipiga picha kila fomu kabla haijapelekwa ofisini. Chapisho la getini tuliliomba ofisi ya utumishi, likachukua siku mbili. Kalenda ya mwezi niliitundika mbele yangu, na Aprili ya mwaka ule ilihitaji kalenda kweli: Jumatatu ya Pasaka tarehe 1, Siku ya Karume tarehe 7, Idi tarehe 10 na 11, Muungano tarehe 26.

Nilianza na pesa, masaa nikayaacha kwanza. Watu wengi huanza kujumlisha masaa yao, wakipata jumla tofauti na ya ofisi wanakwenda kugombana. Mimi nilitaka kwanza kujua ofisi ililipa kila saa kwa bei gani. Unachukua pesa ya ovataimu unaigawa kwa masaa yaliyoandikwa: 94,668.75 kwa 30.60 inatoka 3,093.75. Hiyo ndiyo bei ya saa moja ya ovataimu waliyotumia. Ukiigawa kwa 1.5, kwa kuwa kiwango cha chini cha ovataimu kisheria ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, unapata 2,062.50. Kisha unarudi kwenye mshahara wa msingi wa mwezi, ambao kwenye mkataba wa fundi ni shilingi 429,000, unaugawa kwa 2,062.50. Jibu ni 208 kamili.

Jibu likitoka kamili namna hiyo, bila hata senti, ujue umegusa namba ambayo mtu aliiandika kwa mkono wake mahali fulani. Na 208 haina fumbo: ni siku 26 mara masaa 8. Aliyetengeneza hesabu alidhani mfanyakazi wa kiwanda anafanya kazi masaa nane kwa siku 26 za mwezi.

Shida ni kwamba sisi hatufanyi hivyo. Ratiba yetu ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa moja ya chakula katikati ambayo hailipwi. Yaani masaa 8 kwa siku. Jumamosi tunatoka saa 7 mchana, masaa 5. Jumla ni 45 kwa wiki, na mkataba umeandika hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika jedwali lake la kwanza, inaeleza jinsi ya kuugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa: unaugawa kwa 4.333 mara masaa ya kawaida ya wiki. Kwa masaa 45 unapata 194.985, ambayo sisi tuliizungusha kuwa 195. Mshahara wa 429,000 ukigawa kwa 195 unapata shilingi 2,200 kwa saa. Ovataimu inakuwa 3,300, wala si 3,093.75.

Shilingi mia mbili na ushee kwa saa si pesa ya kumfanya mtu apande daladala kwenda kushitaki, na nadhani ndiyo sababu kosa hili lilikaa miaka bila mtu kuliona. Lakini lilikuwa linamgusa kila mtu, kila mwezi, na kwenye kila saa ya ziada.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawakulipenda. Fundi alikuwa na posho ya usafiri ya 60,000, na alipoanza kupiga hesabu zake mwenyewe aliichanganya na mshahara, akagawa 489,000. Haiwi hivyo. Mshahara wa msingi katika sheria hii hauchukui posho, wala malipo ya ovataimu yenyewe, wala nyongeza za usiku na sikukuu. Ukipeleka ofisini hesabu yenye posho ndani, watakukamata kwenye hiyo na mengine yote uliyoleta yatatupwa pamoja nayo.

Baada ya bei tukaja kwenye masaa. Fomu za msimamizi zilionyesha jioni tisa za ovataimu katika siku za kawaida. Jioni tatu alibaki masaa mawili na dakika 45, tatu saa moja na dakika 45, mbili masaa mawili na nusu, na moja saa moja na nusu. Nilizijumlisha kwa dakika, nikalinganisha na chapisho la getini, na zikakubaliana: masaa 20 kamili. Jumapili tarehe 21 aliitwa kwa ajili ya mzigo wa haraka, akafanya masaa 5, kutoka saa 2 hadi saa 7. Siku ya Muungano, Ijumaa tarehe 26, alifanya siku nzima, masaa 8. Jumla ya yote ni masaa 33, na karatasi ya mshahara inasema 30.60.

Niliondoa zile 5 na zile 8 kwenye 30.60. Zikabaki 17.60 kwa jioni tisa ambazo zilipaswa kuwa 20. Nikadhani ofisi imeruka jioni moja. Nikajaribu kuondoa moja moja, hakuna iliyolingana na upungufu wa 2.40. Ndipo nikaomba kuona karatasi ya kompyuta yenyewe, ile ya Excel ambayo dada wa mishahara huingizia masaa. Akanifungulia bila kinyongo, na nilipoona safu ya masaa jibu likawa wazi: 2.45, 1.30, 2.45, 1.45, 2.30, na kuendelea. Dakika 45 zimeandikwa kama .45 na nusu saa kama .30.

Kwa kompyuta, 2.45 ni masaa mawili na sehemu 45 za mia, yaani masaa mawili na dakika 27. Masaa mawili na dakika 45 huandikwa 2.75. Kila jioni ya dakika 45 ilimnyima fundi dakika 18, na kila jioni ya nusu saa ilimnyima dakika 12. Jioni sita za kwanza na tatu za pili zinakula dakika 144, ambazo ni masaa 2 na dakika 24, na ndizo zile 2.40.

Tangu siku ile nina njia ya haraka ya kuitambua karatasi yenye ugonjwa huu, hata kabla sijahesabu chochote. Natazama tarakimu zilizo baada ya nukta. Kama katika mwezi mzima wa watu wengi hakuna hata mmoja aliyefika .75, na hakuna kitu chochote kinachozidi .59, basi hizo ni dakika zilizovaa nguo za desimali. Masaa yaliyogeuzwa vizuri yatakuwa na .75 na .50 zimetapakaa kote.

Dawa yake ni kuacha kuandika muda kwa kichwa. Andika saa ya kuanza kwenye safu moja na saa ya kutoka kwenye safu ya pili, kwa mtindo wa masaa 24, halafu iachie Excel itoe tofauti:

```
=(C2-B2)*24
```

B2 ni 17:00, C2 ni 19:45, na jibu ni 2.75, ilimradi kisanduku cha jibu kimewekwa kuwa namba ya kawaida. Kwa zamu inayovuka usiku wa manane, ambapo saa ya kutoka ni ndogo kuliko ya kuanza, tunatumia hii:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Kuna mtego mwingine hapo karibu, nao ni wa kujumlisha. Mtu anaweza kuacha masaa yakiwa katika sura ya muda, 2:45, 1:45, na kadhalika, kisha akayajumlisha kwa SUM. Ikifika masaa 24 Excel inaanza upya kama saa ya ukutani, na masaa 33 ya fundi wetu yangeonekana 9:00. Ili jumla ionekane yote, kisanduku kinatakiwa kuwekwa mtindo wa `[h]:mm`. Kwetu hilo halikutokea, ila nililikuta baadaye kwenye karatasi ya rafiki yangu wa kiwanda kingine, ambaye alikuwa anashangaa kwa nini miezi aliyofanya kazi sana ndiyo anayolipwa kidogo.

Dada wa mishahara hakubisha hata kidogo. Akaniambia, "Kaka, mimi hii nimeikuta. Aliyekuwepo kabla yangu ndivyo alivyonionyesha." Nilimwamini, na mpaka leo naamini sehemu kubwa ya makosa ya ovataimu yanarithiwa namna hiyo, faili linapita mkono hadi mkono na hakuna anayeuliza 208 ilitoka wapi.

Lililobaki ndilo lililokuwa zito. Ofisi ilikuwa imezirundika Jumapili na Muungano kwenye mstari mmoja na jioni za kawaida, zote kwa mara moja na nusu. Kisheria hizo si ovataimu ya kawaida. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki inalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa, na kazi ya sikukuu ya kitaifa hivyo hivyo. Kwa fundi wetu ni 4,400 kwa kila saa.

Kwa hiyo hesabu yetu ikasimama hivi. Jioni tisa, masaa 20 kwa 3,300, ni 66,000. Jumapili, masaa 5 kwa 4,400, ni 22,000. Muungano, masaa 8 kwa 4,400, ni 35,200. Jumla 123,200, naye alilipwa 94,668.75. Pungufu ni 28,531.25 kwa mtu mmoja na mwezi mmoja. Nyongeza ya usiku haikuwepo, kwa kuwa usiku wa kisheria huanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na jioni yake ndefu kuliko zote iliishia saa 1:45.

Nilikwenda na hesabu hiyo kwa ofisi ya utumishi pamoja na katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Sikupeleka malalamiko, nilipeleka karatasi moja yenye safu tatu: walivyohesabu, tulivyohesabu, na chanzo cha tofauti. Suala la desimali lilimalizika kabla chai haijapoa. Kwenye 208 afisa alijaribu kuitetea namba yake. Akasema siku 26 na masaa nane ni utaratibu wa kawaida, unatumika kila mahali. Katibu akamwuliza kitu kimoja tu: 208 ukiigawa kwa 4.333 unapata masaa mangapi kwa wiki? Afisa akabonyeza kikokotoo. Inatoka 48. Na masaa ya kawaida kwa wiki hayaruhusiwi kuzidi 45. Kwa hiyo ama ofisi inakiri kwamba tunafanyishwa masaa 48 ya kawaida, na hapo matatu kati yake ni ovataimu ambayo haijalipwa kila wiki, ama inakubali kwamba kigawanyo ni 195. Akachagua la pili.

Kwenye sikukuu mabishano yalikuwa ya haki pande zote mbili, na nitayaeleza kwa sababu yatakukuta. Hoja ya ofisi ilikuwa hivi: mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hakatwi kitu akiwa nyumbani siku ya sikukuu, kwa hiyo ile siku tayari imo ndani ya mshahara. Akija kazini anastahili kuongezwa mara moja, na ukijumlisha na ile iliyomo inakuwa mara mbili. Hoja yetu ilikuwa kwamba sheria inazungumzia malipo ya kila saa iliyofanyiwa kazi siku hiyo, mara mbili, na ile siku iliyomo kwenye mshahara angeipata hata angelala. Tungeweza kukaa hapo mpaka jioni. Lililotuokoa ni kwamba mkataba wetu wa hali bora za kazi ulikuwa na sentensi inayosema masaa ya sikukuu yatalipwa mara mbili "mbali na mshahara wa mwezi". Katibu akaisoma kwa sauti, mara moja. Kama mkataba wenu hauna sentensi kama hiyo, jiandae kwa mabishano haya, na mkiwa kwenye majadiliano yajayo ombeni iandikwe. Kwenye Jumapili hakukuwa na la kubishana, maana Jumapili haimo kwenye masaa 45 kwa hesabu yoyote ile.

Hata wangeshinda kwenye Muungano, yaani 17,600 badala ya 35,200, fundi angestahili 105,600, na bado aliyolipwa ilikuwa chini ya hapo. Nililiweka hilo kwenye karatasi makusudi, ili mtu asiseme kwamba dai zima limesimama juu ya tafsiri ya sentensi moja.

Wakati tunasubiri malipo, habari zilishaenea, na watu wakaanza kuniletea karatasi zao. Nyingi zilikuwa na magonjwa yale yale. Mbili zilikuwa na mambo yake.

Ya kwanza ilikuwa ya kijana wa idara ya uchapaji. Jumanne tarehe 9 Aprili, siku moja kabla ya Idi, alibaki hadi saa 1 usiku, masaa mawili. Hayakulipwa kabisa. Maelezo ya ofisi yalikuwa kwamba wiki ile kiwanda kilifungwa siku mbili za Idi, kwa hiyo jumla ya masaa yake ya wiki ilikuwa 31 tu, haikufika 45, na ovataimu huanza baada ya 45. Ukisikiliza haraka unaona mantiki. Lakini ovataimu ni kazi inayofanyika zaidi ya masaa ya kawaida, na masaa yake ya kawaida ya Jumanne yaliishia saa 11 jioni. Tena sheria ina kikomo cha siku pembeni ya kile cha wiki: masaa 9 ya kawaida kwa siku, naye siku ile alifanya 10. Idi haiwezi kugeuzwa kuwa deni ambalo mtu analilipa kwa jioni zake. Walimlipa.

Ya pili ilikuwa ya mtu wa mashine ya kukata, na ilitokana na saa zetu wenyewe za Kiswahili. Msimamizi aliandika kwenye fomu: kuanza 11:00, kutoka 2:30. Kila mmoja wetu anasoma saa 11 jioni hadi saa 2 na nusu usiku. Aliyeingiza kwenye kompyuta siku ile alikuwa kijana wa mafunzo, akakumbuka kugeuza ya kwanza kuwa 17:00 lakini ya pili akaifanya 14:30. Excel ikatoa alama za ##### kwa kuwa haiwezi kuonyesha muda ulio chini ya sifuri, na yeye ili karatasi ipendeze akafuta kisanduku. Masaa matatu na nusu yakapotea bila alama. Haya huyaoni kwenye karatasi ya mshahara hata kidogo. Utayaona tu ukihesabu idadi ya jioni: fomu zinasema kumi na moja, kompyuta ina kumi.

Mtu huyo alidai pia nyongeza ya usiku, na alikuwa sahihi kwa nusu saa ile ya baada ya saa 2 usiku. Nyongeza ni asilimia 5, na kwa kuwa muda wenyewe ni ovataimu, asilimia hiyo inapigwa kwenye bei ya ovataimu. Kwa mshahara sawa na wa fundi wetu ni shilingi 165 kwa saa, kwa hiyo nusu saa yake ni 82.50. Alicheka, ila aliiandika. Nilimwambia ashike zaidi jambo jingine: alitoka saa 2:30 usiku akarudi saa 2 asubuhi, na kati ya siku na siku sheria inataka masaa 12 mfululizo ya kupumzika, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hilo lilikuwa la kumwuliza msimamizi. Dada wa mishahara hakuwa na jibu lake.

Kuna na mzee mmoja wa stoo ambaye niliondoka naye bila kumpa alichotaka. Alikuwa likizo ya mwaka mwezi Aprili, na akadai arudishiwe siku za Karume, Idi na Muungano, maana sikukuu "zilimkuta" likizoni. Nilimwonyesha kifungu: likizo ya mwaka hapa kwetu ni siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zimehesabiwa humo humo. Ndugu yake yuko Mombasa na ndiye aliyemwambia kwamba huko hazihesabiwi. Ni kweli Kenya wanahesabu likizo kwa siku za kazi, 21, lakini hiyo ni sheria yao. Tulichokagua kwake ni kama alipata mshahara wa msingi wote wa kipindi cha likizo, na kama ofisi ilimpunguzia siku. Alikuwa amepewa siku tatu za ruhusa yenye malipo mwezi Februari kwa ombi lake mwenyewe, na sheria inamruhusu mwajiri kuzitoa kwenye zile 28. Walizitoa. Mzee hakufurahi, akasema mimi siku hizi nimekuwa mtu wa ofisi.

Malimbikizo ya fundi yaliingia na mshahara wa Mei. Alinipigia simu akisema amepata chini ya 28,531.25, na ilinibidi nimweleze kwamba hesabu yetu ilikuwa kabla ya makato. Malimbikizo nayo yanapitia kodi na michango kama malipo mengine, kwa hiyo ukilinganisha, linganisha mstari wa juu, usilinganishe kilichoingia benki.

Kwa miezi ya nyuma ya Aprili ofisi ilikubali kurekebisha mitatu tu, Januari hadi Machi, na sisi tukakubali. Wengine walitaka tuende mbali zaidi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, turudi miaka. Katibu aliwakumbusha muda: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na ukichelewa lazima kwanza uombe kuruhusiwa na ueleze sababu ya kuchelewa. Kila karatasi ya mshahara ya mwezi uliopita ilikuwa inasogea mbali na muda huo. Baadhi walinung'unika. Mimi niliona miezi mitatu iliyolipwa bila kesi ni bora kuliko miaka mitatu ya kusubiri.

Sasa karatasi ya mshahara ina mistari mitatu: ovataimu ya kawaida, siku ya mapumziko, na sikukuu, na kila mmoja una masaa yake na bei yake ya saa. Desimali zina .75. Lililobaki ni mashine ya getini, ambayo inapunguza kila kutoka hadi robo saa iliyotangulia, ukitoka saa 11:44 inaandika 11:30. Fomu za wasimamizi zinaandika muda halisi, na ofisi bado inasema mashine ndiyo ya kufuatwa. Tumewaandikia barua mwezi huu, na fomu za mwezi mzima tumeziambatanisha.